Nusu Inabaki: kutunga wimbo wa sabuni kwa akina mama wa Goma

Tangazo la sabuni redioni lina sekunde 30, na karibu kila mwenye sabuni anataka zijazwe mambo yaleyale matatu: mama amechoka, povu ni jingi, nguo ni nyeupe. Mteja wangu wa hapa Goma, mwenye kiwanda kidogo cha sabuni za kipande, alikuja nayo yote matatu kwenye karatasi ya daftari la shule: "Mama umechoka, pumzika sasa, povu jingi, nguo nyeupe, bila kusugua." Tuni pia alikuwa nayo. Akaniimbia palepale, huku akipiga meza.

Jina la sabuni yake silitaji, maana hapa si mahali pa kumtangazia mtu bure. Nitaiita Fulani. Jina lenyewe lina silabi tatu vilevile na mkazo wake unakaa katikati, kwa hiyo nitakayosema juu ya tuni hayabadiliki.

Ile karatasi nilimsomea jirani yangu, mama anayeuza sombe na mafuta ya mawese katika soko la Virunga. Hutoka nyumbani kabla jua halijachomoza na hurudi giza likianza kuingia. Ndiye hasa "mama mwenye shughuli nyingi" ambaye mteja wangu alimtaka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Nani amemwambia nimechoka? Na akishasema nipumzike, hizo nguo atafula yeye?" Kuhusu povu hakusema kitu. Kuhusu kufula bila kusugua alicheka, akanionyesha kola ya shati la mwanawe.

Kola ile ndiyo iliyonipa kazi. Watoto wetu wa shule wanavaa bluu na nyeupe, na katika nyumba nyingi mtoto ana shati moja jeupe, au mawili akibahatika. Shati linarudi jioni na mambo mawili shingoni: mafuta ya jasho, na vumbi jeusi la mawe ya volkano ambayo mji huu umejengwa juu yake. Asubuhi linatakiwa tena. Katikati yake kuna usiku mmoja, na usiku wa Goma una baridi, kwa kuwa tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Shati lililofuliwa saa moja jioni halikauki kwa upepo tu. Wengine hulitundika ndani karibu na mbabula, jiko letu la makaa, na hapo moshi unalifanyia mambo yake. Wimbo unaompa mama huyu pole unapoteza sekunde. Anachohitaji ni mambo yaende haraka kati ya kufika nyumbani na kulala.

Basi nikamwomba anifulie shati hilo kwa sabuni ya mteja wangu, nami nikaketi pembeni na kalamu. Hii ni hatua ambayo watunzi wengi wa matangazo wanairuka. Wanapewa sifa za sabuni kwa mdomo wa mwenye sabuni na kutafuta vina vyake. Lakini sabuni ina tabia yake, na maji nayo yana yake, na hapa Goma maji ndiyo yanayoamua.

Maji mengi tunayofulia yanatoka Ziwa Kivu. Yamejaa chumvichumvi za magnesiamu kutokana na mawe ya volkano na chemchemi zinazoingia ziwani kwa chini. Sabuni ya kipande hutengenezwa kwa mafuta, kama mawese, na soda kali. Ikikutana na magnesiamu, sehemu yake inaacha kazi ya kusafisha na kugeuka utando mweupe unaonata. Ndio ule unaoganda pembeni mwa beseni. Kama huamini, kata vipande viwili vya sabuni vinavyolingana, kimoja ukitie kwenye chupa ya maji ya ziwa na kingine kwenye chupa ya maji ya mvua, kisha utikise zote mbili sawasawa. Ya mvua itatoa povu linalokaa. Ya ziwa itatoa povu dogo linalovunjika upesi, na maji yatakuwa na ukungu kama wa maziwa.

Kwa mtunga wimbo, hiyo maana yake ni kwamba mstari wa "povu jingi" ni kweli siku ya mvua na ni uongo siku ya ziwa. Mama anayeufuatisha kwa maji ya ziwa ataongeza sabuni ili alione hilo povu aliloimbiwa. Atamaliza kipande mapema, na utando utaongezeka kwenye nguo. Kisha atahitaji maji zaidi ya kusuuza. Mwenye sabuni atafurahi mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili mama anarudi kwenye sabuni yake ya zamani na kuwaambia wenzake sokoni kwamba ile mpya inakwisha haraka.

Tukarudi kwenye beseni. Jirani yangu alikuwa na bidoni mbili za njano mlangoni, za lita 20 kila moja, zilizoletwa na kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Huku kwetu kisima hakichimbwi ovyo, kwa sababu ukipiga jembe unakutana na mwamba wa lava. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ilifika Buhene na kuharibu tangi kubwa la maji na mabomba, na mitaa mingi ikarudi kwenye bidoni tu. Kila mama hapa anajua bei ya bidoni mtaani kwake na umbali wake. Mtoto wa miaka minane anajua pia, kwa sababu mara nyingi ndiye anayetumwa.

Hesabu ya kufula ilikuwa hivi. Beseni lake linachukua kama lita 10. Beseni moja la kufulia. Akishafula kwa sabuni anayoitumia siku zote, husuuza mara tatu, yaani beseni tatu. Jumla ni lita 40, bidoni zake zote mbili. Hapo bado hajabandika chungu wala kuogesha mtoto, kwa hiyo mtu lazima atoke tena.

Kwa sabuni ya mteja wangu alisuuza mara mbili. Beseni la kwanza lilikuwa zito na jeupe. Baada ya la pili alikamua kola juu ya kiganja na kutazama maji yanayotoka: yalikuwa meupe kidogo tu, na hayakuteleza kati ya vidole. Hiyo ndiyo namna yake ya kujua. Kama maji ya kukamua bado yanateleza, sabuni imo, na shati likikauka kola itasimama ngumu na kuvuta rangi ya kijivu. Tulijaribu pia shati jingine kwa kusuuza mara moja tu, kwa sababu mteja alikuwa ameniapia kwamba mara moja inatosha. Asubuhi kola ilikuwa ngumu, na mtoto aliyelivaa alijikuna shingo.

Kwa hiyo sifa ya kweli ya sabuni hii ilikuwa kuokoa beseni moja. Lita 10, nusu ya bidoni. Weupe ulikuwa sawa na wa sabuni nyingine. Povu lilikuwa dogo kuliko la nyingine, na huenda ndiyo sababu yenyewe inasuuzika upesi. Nusu ya bidoni ni maji ya kupikia bugali na kuosha miguu ya watoto. Ni safari moja ambayo mtoto haendi gizani. Nilipomwambia jirani hesabu hiyo hakushangaa. Alitazama tu bidoni ya pili, ambayo bado ilikuwa na maji hadi katikati, akasema: "Basi imba hiyo."

Sasa kuimba. Nilichagua mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, ambao mtu anaweza kuufuata akiwa anasugua. Kwa mwendo huo sekunde 30 zina mapigo 48. Ukiyagawa kwa manne unapata vipimo 12, kila kimoja sekunde mbili na nusu. Nane nikaviweka kwa kuimba, viwili kwa kusema, na viwili vya mwisho kwa tuni ya jina. Kila kipimo cha kuimba nikakipa silabi sita na pumziko dogo mwishoni. Ungeweza kubana nane, lakini redio yenyewe inasikika kupitia kelele za maji, jenereta na watoto, na masikio yanahitaji mahali pa kuvuta pumzi.

Jambo linaloua nyimbo nyingi za matangazo ni mkazo. Kiswahili huweka nguvu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni nayo ina mapigo yake ya nguvu. Vikigongana, sikio linapata neno lisilojulikana. Mstari wangu wa kwanza ulikuwa "Loweka, sugua". Silabi sita safi kabisa, lakini nguvu iko kwenye "we" na "gu", ilhali tuni inaanza kwa kupiga silabi ya kwanza. Mwimbaji alipouimba ukatoka "LOweka", na mmoja wa vijana wa studio akauliza kama ni jina la mtu. Nikaubadili kuwa "Weka ilowane". Nguvu iko kwenye "we" ya kwanza na "wa" ya tano, hasa pale tuni inapopiga. Baada ya hapo nikaamua kila mstari uwe hivyo: nguvu kwenye silabi ya kwanza na ya tano. Ukiangalia, "fula na Fulani" inakaa hivyo bila kulazimishwa.

Wimbo ulipokamilika ulikuwa huu:

Mama na bidoni
mbili ku mulango.
Weka ilowane,
suza mara mbili.
Shati ya mutoto
kesho ku masomo:
fula na Fulani,
nusu inabaki.

Walimu wa lugha watauliza habari za "ku mulango" na "shati ya mutoto". Hivyo ndivyo tunavyosema Goma, na tangazo linaloongea kama taarifa ya habari halimfikii mtu aliyeinama kwenye beseni. Lakini kuna sababu ya ufundi pia. Ukisema "mlango", ile "m" inasimama peke yake bila irabu, na mwimbaji lazima afumbe mdomo kuiimba. Kwenye spika kubwa za studio inasikika vizuri. Kwenye spika ya simu, au ya redio ndogo ya betri iliyofungwa kwa mpira, inamezwa na unabaki na "lango". "Mu" inafungua mdomo na kupita. Kwa nyimbo za redio, Kiswahili chetu cha mashariki mwa Kongo kina faida hiyo ya bure.

Mpangilio wa mistari unafuata mikono. Mama anafika, anakuta maji mlangoni. Kwanza analoweka, maana mafuta ya kola yanahitaji muda na muda huo anautumia kusonga bugali. Halafu ndipo anafula na kusuuza. "Sugua" haimo kabisa, wala "bila kusugua". Kila mtu anajua kwamba kola inasuguliwa. Ukiiimba unapoteza kipimo, na ukiikana unapoteza mama mwenyewe.

Mteja aligoma kwenye "mara mbili". "Patro wangu," nikamwambia, "wewe uliniapia mara moja." Akasema hakuna sabuni duniani inayojisifu kwa mara mbili, washindani watamcheka. Nilimwelewa. Ukiitazama kutoka dukani, mbili inasikika kama udhaifu. Lakini mtu anayesuuza mara tatu kila jioni anaisikia kama punguzo. Badala ya kubishana tukaupeleka wimbo uwanjani. Niliupiga kwa simu yangu karibu na beseni maji yakimwagwa, mbele ya akina mama waliokuwa wakifula pamoja katika kiwanja kimoja cha Ndosho, bila kuwaambia ni kazi yangu. Kisha nikawauliza wamesikia nini. Mmoja tu alikumbuka shati. Karibu wote walirudia "suza mara mbili", na mama mmoja mzee akasema: "Huyu aliyetunga amefula." Mteja alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakunipongeza, ila mstari haukuguswa tena.

Kilichowashika zaidi kilikuwa mstari wa mwisho, kwa sababu haujakamilika. "Nusu inabaki." Nusu ya nini? Waliuliza wenyewe kwa wenyewe. Nilikuwa nimeuacha hivyo makusudi ili sauti ya kusema ijibu katika vile vipimo viwili vinavyofuata: "Nusu bidoni, ya kupikia! Sabuni Fulani, ku maduka ya kwenu." Sekunde tano, imetosha. Kama ningeimba "nusu bidoni inabaki", swali lingekufa kabla halijaulizwa, na sauti ingekuwa inarudia tu.

Bei haimo kwenye wimbo, na mteja aliitaka sana. Hapa bei inafuata dola, na faranga haitulii. Ukiiimba bei, siku ikibadilika umetupa wimbo mzima, au mbaya zaidi, mama anafika dukani na kuanza ugomvi na muuzaji ambaye hana kosa. Kwa hiyo ile sehemu ya kusema tuliirekodi peke yake. Wakitaka kuongeza bei au jina la soko watabadili sekunde tano tu, bila kumwita mwimbaji tena wala kumlipa.

Sauti za pembeni zilitugombanisha na fundi wa studio. Yeye alikuwa na sauti ya bomba linalotiririka, safi sana. Lakini mitaa tunayoiimbia haiamki na bomba linalotiririka. Tukarekodi bidoni ikimiminwa kwenye beseni la plastiki, ile "gulu, gulu, gulu" ya maji yanayotoka kwa vituo huku hewa ikiingia. Mtu yeyote wa Goma anaitambua kabla ya sekunde kuisha, kwa hiyo ndiyo inayofungua tangazo, chini ya mstari wa kwanza. Sauti ya kusugua tuliijaribu tukaitupa. Kwenye spika ndogo inafanana kabisa na redio iliyopoteza kituo, na watu wananyoosha mkono kutafuta stesheni.

Tuni ya jina ni noti tatu: chini, juu, katikati. Ya juu inakaa kwenye "la", penye mkazo wa jina. Wimbo mzima hauzidi noti tano kutoka chini hadi juu, kwa kuwa anayeurudia ni mtu ambaye ameinama, pumzi yake imebanwa, na pengine ana mtoto mgongoni. Tulikuwa na mwimbaji wa kwaya mwenye sauti inayopanda hadi darini, akataka kutuonyesha. Tukamshukuru, tukamwomba aimbe kama anayemwita mtu wa nyumba ya pili.

Kuna kipindi ambacho wimbo huu unapoteza makali yake: mvua zikikolea na mabati yakijaza mapipa, maji ni laini, mama anasuuza mara moja na bidoni haina bei. "Nusu inabaki" haimsumbui mtu siku hizo. Nimemshauri mteja apunguze kurusha tangazo wakati huo na aweke nguvu Juni hadi Agosti, kiangazi, vumbi linapopanda na foleni za maji zinaporefuka. Na saa ya kurusha iwe jioni, kuanzia saa kumi na moja, shati linapovuliwa. Asubuhi shati liko mwilini na mama yuko sokoni.

Sasa ameniita tena. Anataka kuanza kuuza sabuni ya unga kwa jina lilelile, na anauliza kama tunaweza kutumia wimbo uleule, tubadili neno moja tu. Sabuni ya unga ni kitu kingine. Haigandi na magnesiamu ya ziwa kama ya kipande, inatoa povu hata kwenye maji yetu, na povu hilo lina tabia ya kutaka maji mengi ili liondoke kwenye nguo. Inawezekana mara mbili ikatosha, inawezekana ikawa tatu, na ikiwa tatu basi hakuna nusu inayobaki. Nimemwambia alete pakiti moja kwanza. Jirani yangu ameshaweka shati pembeni.